Uoni hafifu na kipindi cha kupima ujazo wa jiwe: nimpangeje?

MwlWaSita: Habari wakuu. Nafundisha Sayansi darasa la sita. Wiki ijayo tunapima ujazo wa jiwe kwa kulizamisha kwenye silinda ya maji. Nina binti mwenye ualbino. Ubaoni anasoma kwa shida, mistari ya silinda ndiyo haioni kabisa. Nimewaza mwenzake asome, yeye aandike. Inatosha?

Kibwana77: Mkalishe mbele karibu na dirisha apate mwanga. Karatasi ya kazi toa kopi kutoka A4 kwenda A3, basi.

BiZawadi: A3 sawa, herufi za 12 zinakaribia 17. Dirishani hapana! Mwanga mkali unamuumiza macho. Akae mbele, dirisha liwe mgongoni, na kofia aruhusiwe hata darasani. Akisoma kichwa kikiwa upande, mwache. Huenda ndipo macho yake yanapotulia.

Kuhusu silinda, maji hayana rangi na kioo hakina rangi, hata ukikuza namba hataona maji yameishia wapi. Tia rangi ya chakula, simamisha kadi nyeupe nyuma, na uipandishe juu ya boksi ifike usawa wa macho akiwa amekaa. Asogeze uso mpaka karibu kabisa.

Ikigoma, tafuta bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Vuta mpini hadi 5, kata kijino kwa wembe pale unapotokea kwenye ukingo wa bomba. Rudia 10, 15 na 20. Jiwe lizamishwe kwenye kopo lililojaa hadi mdomo wa kumwagia, maji yaliyomwagika ayavute kwa bomba, atoe hewa, ahesabu vijino kwa ukucha. Vitatu ni mililita 15. Ubaya wake, katikati ya vijino atakisia.

MamaJunior: Wangu haoni kabisa, yuko la tatu. Hilo bomba litamfaa? Na vitabu vya nukta nundu napata wapi?

BiZawadi: Litamfaa mama, rangi ndiyo haitamsaidia. La vitabu fungua uzi wake, hapa litapotea.

Mwalimu, na ulimi pia. “Yalikuwa hapa, yamefika hapa” kwake ni hewa. Ukionyesha jiwe la mfano sema: “Yalikuwa 40, sasa 55.”

MwlWaSita: Nimeelewa. Na alama je? Jaribio lina alama ya kusoma kipimo.

BiZawadi: Mpe kwa kusoma bomba. Kwenye swali la hesabu mwandikie 40 na 55 kwa kalamu nene nyeusi, atoe mwenyewe. Ukimnyima zote kwa sababu hakuona mstari, umepima macho. Na umwongezee muda.

Mzee_Chaki: Sikubaliani. Kusoma silinda ni sehemu ya somo. Wenzake wanasoma kila mililita, yeye tano tano, halafu alama ileile?

BiZawadi: Basi mpe jiwe linaloangukia kwenye kijino.

Mzee_Chaki: Na siku ya mtihani jiwe litachaguliwa na nani?

MwlWaSita: Kesho natafuta bomba duka la dawa. Hilo la alama nalipeleka kwa mwalimu wa taaluma.