Tupeane uzoefu: mstari gani wa mkeka ulikuponyoka kabla hujabonyeza Place Bet?

Fundi Magongo
Assalam alaikum na habari zenu. Sitafuti timu za kubeti leo. Nataka wale ambao mkeka umewahi kuwapiga chenga kwenye maandishi, si uwanjani, watueleze ilikuwaje.

Naanza na mimi. Jumamosi nilikuwa dukani Magongo, friji ya mtu iko chini naisubiri ishike baridi, nikaweka mechi tatu. Odi zilikuwa 1.80, 2.10 na 1.50. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: ukizidisha zote unapata 5.67, na kwa dau la 200 mkeka unalipa 1,134. Nikaandika 200, nikatupa jicho chini, nikaona Possible Win 1,926. Nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini imezidi hesabu yangu, nikabonyeza.

Akaunti ilikuwa na 1,040. Kuangalia tena, imebaki 440. Zimekatwa 600.

Ile timu ya 2.10 ikafungwa, mbili zikashinda. Usiku nakuta mkeka una rangi ya kijani, umeandikwa Won, na salio ni 980. Yaani nimeambiwa nimeshinda na nina pungufu ya shilingi 60. Siku mbili nilikuwa naamini nimeibiwa, mpaka nilipofungua mkeka wenyewe nikaona neno ambalo sikulisoma: System 2/3. Ile 400 ya ziada ilikuwa ya kununua kapasita ya friji ya mteja.

Kijana wa Likoni
Pole kaka, lakini hapo wewe umeokoka. Ingekuwa multi, timu moja ikifungwa mkeka wote umechanika. System ndiyo salama, ukipata mbili huwezi kupoteza.

Karani Mstaafu
Mdogo wangu wa Likoni, nusu ya maneno yako ni kweli. Nilikaa nyuma ya kioo cha duka la kubeti hapa mjini zaidi ya miaka miwili, na huo mkeka wa Fundi nimeuona ukileta ugomvi mara nyingi.

System 2/3 si mkeka mmoja. Ni mikeka mitatu midogo, kila mmoja una timu mbili: ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, ya pili na ya tatu. Fundi aliandika 200, na kwenye kampuni yake ile 200 ilihesabiwa kwa kila mkeka mdogo, ndiyo ikawa 600. Sasa tazama malipo. 1.80 mara 2.10 ni 3.78. 1.80 mara 1.50 ni 2.70. 2.10 mara 1.50 ni 3.15. Jumla yake ni 9.63, na mara 200 ndiyo 1,926 aliyoiona. Lakini hiyo ni kama zote tatu zimeshinda. Timu ya 2.10 ilipoanguka iliondoka na mikeka miwili, ukabaki ule wa 2.70. Mara 200 ni 540. Alitoa 600, akarudishiwa 540. Hakuna aliyemwibia.

Kwa hiyo, bwana Likoni, ukipata mbili unaweza kupoteza. Umelipia mikeka mitatu, na ukipata timu mbili unalipwa mmoja tu. Huo mmoja lazima ufike odi 3 ndipo urudishe pesa yako. Chukua zile odi mbili ndogo kabisa kwenye mkeka wako, zizidishe. Ukipata chini ya 3, kama hii 2.70, ujue kuna njia ya kupata mbili na bado ukatoka na hasara.

Kijana wa Likoni
Sawa, hapo nimekubali. Basi dawa ni kuandika dau dogo. Mimi naweka 50 tu.

Karani Mstaafu
Hamsini kwenye system ya ngapi? Ukiweka timu nne ukachagua 2/4, ni mikeka sita. Hamsini yako imekuwa 300. Na si system peke yake. Ukiwa umesimama kwenye Singles na timu tatu, dau unaloandika mara nyingi linaingia kwa kila timu. Kuna kampuni nyingine zinafanya kinyume, unachoandika ndiyo jumla na wao wanakigawa. Ndiyo maana sisomi kile kisanduku nilichoandika mwenyewe, nasoma Total Stake. Hicho ndicho kitakachotoka kwenye salio.

Fundi Magongo
Sasa nimejua ilivyokuwa. Wiki iliyopita niligusa System nikitaka kuona tu, na nadhani programu ilibaki hapo hapo. Nilikuwa nasoma timu na dau, aina ya mkeka niliichukulia kuwa ni ile ya kila siku.

Mama Salma wa Tudor
Mimi yangu ilikuwa ya karatasi. Nilikwenda dukani, nikamtajia kijana wa kaunta timu yangu, akaniandikia, nikalipa 100, nikatia karatasi kwenye pochi. Timu imeshinda, nakwenda kuchukua pesa, naambiwa mkeka umekufa. Kumbe mbele ya jina la timu kulikuwa na U21. Timu ya vijana! Nimelalamika mpaka leo sijalipwa. Naomba mniambie, karatasi yangu naipeleka wapi?

Fundi Magongo
Pole sana mamangu. Hapa tulikuwa tunazungumzia kabla ya kulipa, lakini hiyo ya U21 ni somo kubwa, nami pia ingenipita.

Karani Mstaafu
Mama Salma, nitakuambia ukweli ingawa hautakupendeza. Sheria za duka huwa zimeandikwa ukutani au nyuma ya karatasi, na kwa kawaida zinasema kilichochapishwa ndicho kinachohesabika, si ulichotamka. Nilipokuwa kaunta, mteja akirudisha karatasi pale pale, mechi haijaanza, niliweza kuifuta na kuandika nyingine. Akitoka nje na mechi ikaanza, mkono wangu umefungwa. Soma ukiwa bado umesimama kwenye kioo, hata foleni ikipiga kelele. Tazama U21, U23, herufi W ya timu ya wanawake, na tarehe, maana timu moja inaweza kuwa na mechi mbili ndani ya wiki.

Mama Salma wa Tudor
Basi nitaikunja niiweke. Lakini kijana naye angeniuliza.

Karani Mstaafu
Hapo una haki, mama. Kusoma mkeka kwa sauti mbele ya mteja ilikuwa kazi yetu, na siku za Jumamosi wengi hawaifanyi.

Abu Twaha
Mimi aina ya beti ndiyo iliniumiza. Juni 30, 2024, Kombe la Ulaya, Uingereza na Slovakia. Niliweka Uingereza, 1X2, chaguo la 1. Slovakia wakatangulia, Bellingham akasawazisha dakika za majeruhi, Kane akamalizia mwanzoni mwa muda wa nyongeza. Imeisha 2-1, maskani nzima Majengo tunashangilia, mimi nahesabu pesa yangu. Kufungua simu: Lost. Nilikasirika vibaya.

Karani Mstaafu
Kwa sababu 1X2 ni dakika 90 na zile za majeruhi basi. Muda wa nyongeza haumo. Kwa mkeka wako mechi ile iliisha 1-1, na jibu lilikuwa X. Ulichokitaka wewe kilikuwa To Qualify, nani atasonga mbele, ambacho odi yake huwa ndogo kidogo. Ndiyo sababu kwenye mechi za mtoano nasoma jina la soko juu ya chaguo, sisomi jina la timu peke yake. Uingereza ipo kwenye masoko yote mawili.

Abu Twaha
Na jina la soko wanaliandika kwa herufi ndogo za kijivu. Macho yanakwenda kwenye timu na odi zilizoandikwa kwa wino mzito.

Dereva wa Tuktuk Bamburi
Yangu ilitokea kwenye feri. Mechi inaendelea, odi 2.40, naandika 300, mkeka unaonyesha 720. Nabonyeza, mtandao unazunguka, feri iko katikati ya maji. Kutulia upande wa Likoni, beti imekubaliwa kwa 1.65. Malipo 495. Sikukubali hiyo mimi!

Kijana wa Likoni
Ulikuwa umeweka tiki kwenye Accept any odds changes. Iondoe tu, hutasumbuliwa tena.

Karani Mstaafu
Kuondoa ni vizuri, mimi pia nimeondoa. Wengine wana Accept higher odds, hiyo inakubali odi ikipanda peke yake. Lakini tiki ikiwa haipo, odi ikibadilika mkeka unarudi kwako na kitufe kipya cha Accept, na odi mpya imeandikwa pembeni. Watu wengi nimewaona wanakibonyeza kwa haraka ile ile, kwa kuwa wanadhani cha kwanza hakikushika. Kwenye mechi inayoendelea, kampuni inakawiza beti kwa sekunde kadhaa ikitazama kama kuna jambo uwanjani. Odi ikishuka namna hiyo, yawezekana timu yako ilikuwa imeshafunga.

Dereva wa Tuktuk Bamburi
Kweli, ilikuwa imefunga. Na faida yangu ikawa 495 badala ya 720.

Karani Mstaafu
Si faida, ndugu yangu. 495 ina 300 yako ndani. Faida ni 195. Na ile 720 ilikuwa faida ya 420. Odi ilishuka kutoka 2.40 mpaka 1.65, lakini faida imeshuka kwa zaidi ya nusu. Kile Possible Win siku zote toa dau kwanza.

Binti Kongowea
Naomba kuuliza, na ushuru uko mstari gani? Kaka yangu anasema wanakata kwenye dau na tena kwenye ushindi, lakini mimi mkeka wangu hauonyeshi kitu.

Karani Mstaafu
Kaka yako anasema ya zamani. Kuanzia Julai 2025 sheria ya fedha ya Kenya iliibadilisha: asilimia 5 inakatwa ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 ukiitoa. Ukiweka 200, inaingia 190. Kwa hiyo kwenye mkeka hutauona, lakini 1,134 ya mkeka ukiitoa yote utapata kama 1,077.

Binti Kongowea
Na nikiitoa ile ambayo sijaichezea kabisa?

Abu Twaha
Mimi nilikatwa.

Kijana wa Likoni
Mimi sikukatwa, wallahi, mwezi uliopita tu.

Fundi Magongo
Wekeni ujumbe wenu wa M-Pesa tuzilinganishe, lakini futeni namba za simu kwanza. Mimi nimerudi kwenye ule mkeka wangu sasa hivi, nikaweka timu zile zile tatu bila kubonyeza. Juu imeandikwa Multiple, Total Stake 200, Possible Win 1,134. Nikigusa System, Total Stake inaruka 600 papo hapo. Ilikuwa imeandikwa pale pale siku zote, inchi moja juu ya kitufe.