Naomba ushauri: gramu 5 za chumvi kwa siku ni vijiko vingapi vya chai?

Wadau, naomba msaada wa kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ikiwemo iliyomo tayari kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Chumvi laini ya mezani, kijiko cha kupimia cha mililita 5 kilichosawazishwa kwa kisu, hubeba takriban gramu 6. Kwa hiyo kikomo chenyewe hakifiki kijiko kimoja, na kijiko chenye mlima kinakivuka mbali.

Kwa sufuria ya watu wanne nimepiga hesabu hivi: kila mtu gramu 1.5 kwenye mlo huo, jumla gramu 6, yaani kijiko kimoja cha kusawazisha. Hapo sina shida.

Kinachonisumbua ni chumvi ya mawe. Punje zake huacha nafasi katikati, hivyo kijiko kilekile hubeba gramu chache zaidi, na kiasi hubadilika kulingana na ukubwa wa punje. Bila mizani, bora niisage kwanza ndipo nipime, au kuna njia ya uhakika zaidi? Nanyi mnaopikia mgonjwa wa presha, mnapunguza gramu ngapi kwa ajili ya mkate?