Naomba ushauri: fluti ifanye nini soprano anaposhikilia noti ndefu?

MtunziMoro
Wapendwa, salaam. Ninapanga wimbo wa kwaya wa sauti nne, do ni F, mwendo wa mapigo 72 kwa dakika. Katika kiitikio soprano mmoja anaimba peke yake, na mstari wake unafika kwenye so (C iliyo okteva moja juu ya C ya kati), ambayo anaishikilia kwa mapigo manane kabla ya kushuka hadi mi. Chini yake wenzake wanaimba kwa kufumba midomo, kodi ya do kwa mapigo manne ya kwanza na kodi ya so kwa manne yanayofuata. Tumempata kijana anayepiga fluti, nami nikamwandikia noti za nusu pigo zinazozunguka ile so bila kupumzika: la, so, fa, mi, kisha zinateremka hadi do ya chini na kupanda tena, kuanzia pigo la kwanza hadi la nane.

Kwenye kinanda ilipendeza sana. Mazoezini Jumamosi, neno la mwisho la soprano halikusikika, na fluti ilipoteremka ilimezwa na kwaya kana kwamba kijana ameacha kupiga. Nimekosea wapi?

Kinubi77
Ndugu, umeandika noti nyingi mno na nyingine haziko ndani ya kodi. Njia salama ni fluti kukaa theluthi moja juu ya mwimbaji na kutumia noti za kodi peke yake. Noti ya nje ya kodi ikigongana na kwaya, wasikilizaji watadhani kijana amekosea.

MamaFilimbi
Mwanangu MtunziMoro, mimi ni mpigaji wa fluti na nimewafundisha wengine kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusu nianze na kile kinanda, kwa sababu ndicho kilichokudanganya. Kinanda hutoa sauti ya fluti yenye nguvu ileile kutoka chini hadi juu, lakini fluti yenyewe haiko hivyo. Okteva yake ya kwanza, kuanzia C ya kati, ni laini na ina hewa nyingi, na do yako ya chini imo humo pamoja na alto wako wote. Hakuna mpigaji atakayeshinda kwaya pale. Ukitaka asikike bila kupiga kelele, mpandishe kwenye okteva ya pili, juu ya mwimbaji.

Kinubi77 amesema kweli kuhusu wingi wa noti, lakini theluthi juu ya so ni ti, na katika mapigo manne ya kwanza kwaya yako inaimba do. Ti na do zimetengana kwa nusu toni tu, kwa hiyo ushauri huo wa usalama ungeleta mgongano uleule anaouogopa.

Fluti inyamaze kabisa katika pigo la kwanza. Hapo soprano anaweka silabi yake ya mwisho, na sikio la msikilizaji liko kwenye neno. Neno likishatua, ibaki irabu tu isiyosogea, na hapo ndipo penye nafasi. Pigo la pili na la tatu mpe mi ya juu, noti moja iliyotulia, ambayo iko sita juu ya soprano na inasikika wazi bila kumgusa. Pigo la nne ashuke re na do, nusu pigo kila moja. Ile do aiunganishe na pigo la tano, wakati kodi inabadilika kuwa ya so, kisha pigo la sita aiachie ishuke hadi ti, na ti hiyo idumu hadi mwisho wa pigo la nane. Soprano anaposhuka kutoka so hadi mi, fluti inapanda kutoka ti hadi do. Wanapishana, na kwa kupishana huko kila mmoja anasikika kuwa na njia yake.

Angalia pia pumzi. Soprano atahitaji kuvuta hewa kidogo kabla ya mi. Kama fluti nayo inapumua hapo, wimbo utapata shimo. Kijana apumue katika pigo la kwanza, apige bila kukata hadi aifikie do. Kwa mwendo wako mapigo hayo saba ni kama sekunde sita, na kwenye okteva ya pili hayamchoshi.

Kinubi77
Mama, nakubali kuhusu theluthi. Hata hivyo, do hiyo unayoiacha ilie juu ya kodi ya so itakutana na ti ya teno. Hilo nalo ni kosa, au si kosa kwa sababu limeandikwa na mwenye uzoefu?

MamaFilimbi
Ni mgongano, ila umeandaliwa: do ilikuwa mahali pake kabla kodi haijabadilika, kisha inashuka taratibu. Kinachouharibu ni teno akiimba ti wakati huohuo, maana hapo fluti haina pa kushukia, noti imeshatajwa. Kwa hiyo mpe teno re, alto naye abaki na so, na ti iachwe iletwe na fluti peke yake.

Bin_Udi
Huku kwetu Unguja, katika taarab, fidla na vyombo vingine hufuata sauti ya mwimbaji kwa mapambo yao, kisha hujibu anapomaliza mstari. Kwa nini fluti isingoje hadi soprano anyamaze ndipo ijibu?

MtunziMoro
Sheikh, kujibu baada ya mstari tunako katika beti, na kunapendeza. Hapa mstari haujaisha, kwa sababu mwimbaji yumo ndani ya noti, na nikingoja mapigo manane yatakaa matupu.

MamaFilimbi
Hata hivyo, lile pigo la kwanza la kimya ni jibu dogo la namna hiyo. Bach naye, katika wimbo mmoja wa soprano ndani ya Mateso ya Mathayo (1727), aliondoa besi na ogani kabisa, akabakiza fluti na oboe mbili za sauti ya chini. Kwa hiyo ukiona fluti bado inazama, punguza kwaya kwanza kabla ya kumwambia kijana apulize kwa nguvu, kwani fluti ikipulizwa kwa nguvu hupanda juu ya sauti sahihi.

MtunziMoro
Tumejaribu leo jioni. Neno linasikika, na mpishano wa mwisho uliwafanya waimbaji wageuke kumwangalia kijana. Kuna jambo jipya, hata hivyo: nilipoiondoa ti kwa teno, soprano alianza kushuka kidogo kwenye pigo la tano na la sita, na fluti iliyo juu yake ikaliweka wazi kosa hilo.

Kinubi77
Ndilo nililoliogopa. Umemwondolea noti aliyokuwa anaiegemea. Mrudishie teno ti yake, na fluti ipige re katika pigo la tano badala ya do.

MamaFilimbi
Hiyo re itafanya kazi, ingawa utapoteza ule mvuto wa kushuka. Kabla hujabadilisha, msikilize soprano akishikilia so na kwaya peke yake, bila fluti. Akishuka hata hapo, tatizo ni pumzi yake, na ti ya teno haitamsaidia.

MtunziMoro
Nimeziandika zote mbili, ya do na ya re. Jumamosi nitamsikiliza kwanza bila fluti, kisha nitaleta jibu.