Hela yangu nabeti kwa woga, ya bonasi nairusha tu. Naombeni ushauri

Kava na Chaja

Habari za jioni wakuu. Nauza vifaa vya simu hapa Dodoma mjini, soko la machinga. Kubeti nabeti kwa kiasi, mwaka wa pili sasa. Dau langu ni 2,000, nikijisikia sana 3,000, na mkeka wangu hauzidi timu tatu. Kabla ya haya sikuwahi kugusa hela ya duka.

Wiki tatu zilizopita kampuni ilinipa beti ya bure ya 10,000. Kwa vile si hela yangu nikaitandikia mkeka wa timu saba, vitu ambavyo kwa hela yangu nisingethubutu, na ukatiki. Baada ya makato ya kodi ikaingia 164,000 kwenye salio la kutoa. Yaani ningeweza kuihamishia kwenye simu dakika ileile.

Sikuitoa. Jana usiku nimekaa nikafungua historia ya mikeka yangu na kuandika madau kwenye daftari la mauzo, kwa mfululizo. Kabla ya ushindi: 2,000, 2,000, 3,000, 2,000. Baada ya ushindi: 20,000, 30,000, 25,000, 40,000, na zilizobaki nilimalizia kwenye mkeka mmoja wa timu tisa. Siku nne, 164,000 yote kwisha. Kibaya zaidi, sikuumia. Nilijiambia ni ya kwao, imerudi kwao.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Nikachukua 60,000 ya kuagizia chaja, nikaweka ili nirudishe ile. Imebaki 38,000. Kwa kuweka hiyo 60,000 nimepewa bonasi nyingine ya 20,000, lakini masharti yanasema niizungushe mara 10, kwa mikeka ya mechi tatu au zaidi, na nikitoa hela yangu kabla ya kumaliza, bonasi inafutwa.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini mtu mmoja, mkono uleule, anakuwa na adabu na 2,000 halafu anaitupa 40,000? Na hii 38,000 niitoe niache bonasi ifutwe, au nizungushe?

Mtoto wa Nkuhungu

Kaka unajitesa bure. Ile 164,000 haikuwa yako. Ulikuja na sifuri, ukaondoka na sifuri. Bonasi ndiyo hela ya kujaribia mikeka mirefu, yako ndiyo ya kulinda. Hapo ulikuwa sahihi kabisa. Kosa lako ni hiyo 60,000 ya duka.

Bahi Sokoni

Mimi bonasi yangu ina wiki ya pili haitoki, nikibonyeza kutoa inasema salio halitoshi wakati naliona pale juu. Mlioko Dodoma mnatumia kampuni gani ambayo bonasi inatoka haraka?

Mwalimu wa Kongwa

Mdogo wangu, mimi sibeti, ila nimesoma hadithi yako mara mbili kwa sababu nimejiona. Mwaka jana nililipwa 240,000 ya kusimamia mitihani. Mshahara wangu unajulikana: mchele, ada, kikoba, na pale Majengo nabishana na muuza nyanya mpaka anapunguza 200. Ile posho niliishika mkononi nikaona kama imeshuka kutoka mbinguni. Nikanunua mapazia ambayo mpaka leo sijayatundika kwa sababu hayaenei dirishani. Sikuuliza hata bei mara mbili. Wiki hiyohiyo nilikuwa nadaiwa 80,000 kikoba, na riba inatembea.

Nilipokuwa nalipa yale mapazia haikunijia kabisa kwamba noti za posho zingeweza kulipa deni. Zilikuwa kwenye mkoba mwingine kichwani mwangu.

Karani Mstaafu wa Mikeka

Nimekaa miaka minne upande wa huduma kwa wateja kwenye kampuni ya kubeti. Ulichoandika kwenye daftari lako nilikuwa nakiona kila Jumatatu: mtu anashinda kwa bonasi, na dau lake linaruka mara kumi siku hiyohiyo.

Mwalimu amegusa penyewe. Kichwani tunagawa hela kwa mifuko kufuatana na ilikotoka, na kila mfuko una uchungu wake. Richard Thaler, yule mchumi aliyepewa Nobeli mwaka 2017, ameliandikia sana jambo hili. Mwaka 1990 yeye na Eric Johnson walichapisha majaribio yao. Mtu anaambiwa achukulie kwamba ametoka kushinda dola 30, halafu anaulizwa: ubaki nazo, au turushe sarafu, upate 9 zaidi au upoteze 9? 70 kati ya 100 walikubali sarafu. Walipoambiwa wachukulie wametoka kupoteza 30, sarafu ileile ya 9, waliokubali walikuwa 40 tu. Hesabu ya sarafu haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mfuko ambao hasara itatokea. Ukiwa umeshinda, kupoteza 9 kunahesabika kama kupungua kwa faida, na faida haiumi kama mtaji.

Halafu kuna swali lao la tatu, na hilo ndilo la 60,000 yako. Umepoteza 30. Chagua: dola 10 za uhakika, au nafasi moja kati ya tatu ya kupata 30 kamili na kufuta hasara yote. Hapo 60 kati ya 100 waliacha uhakika. Aliyepoteza kwa kawaida anaogopa, lakini ukimwonyesha njia ya kurudi sifuri woga unamtoka. Wewe umepitia vyote viwili ndani ya wiki moja.

Mtoto wa Nkuhungu, nakubaliana nawe nusu. Beti ya bure, kabla haijachezwa, kweli si hela: huwezi kuitoa wala kununulia chochote. Lakini ile 164,000 ilipoingia kwenye salio la kutoa ilikuwa hela yake sawasawa na ile ya kwenye droo ya duka. Ingenunua chaja zilezile. Jina la bonasi lilibaki kichwani tu, kwenye mfumo lilikuwa limeshafutika. Hukuondoka na sifuri, Kava. Ulikuwa na 164,000 ukaipoteza.

Mtoto wa Nkuhungu

Sawa mkuu, hapo nimekuelewa. Ila hata ile beti ya bure unataka kusema angeicheza kwa timu mbili za odi ndogo kama ya mfukoni? Mbona kwa mkeka mrefu ndiyo alipata?

Karani Mstaafu wa Mikeka

Hapana, na hapa watu wengi wanachanganya. Beti ya bure kwa kawaida hairudishi dau, unapewa faida peke yake. Chukua beti ya bure ya 10,000. Kwa odi 2.00 ukishinda unapata 10,000. Kwa odi 6.00 unapata 50,000. Tuseme kampuni inakata kama 5 kwa 100 kwenye odi zake. Nafasi yako ya kweli kwenye ile ya kwanza ni karibu 47 kwa 100, kwa hiyo thamani yake ni kama 4,700. Kwenye ya pili nafasi ni karibu 16 kwa 100, thamani kama 8,000. Basi kupanda odi kwenye beti ya namna hii kuna hesabu nyuma yake, hakutokani na ulevi wa hela ya bure. Mpaka mahali fulani lakini. Ukipanda kwa kurundika timu saba, makato ya kila mechi yanazidishana na faida hiyo inaanza kuliwa. Mechi moja ya odi 6 ni bora kuliko saba zinazofika hapo.

Hatari ni kwamba mazoea hayo yanamfuata mtu kwenye hela ambayo dau lake likipotea limepotea kweli.

Sasa 38,000. Kava, shika daftari lako. Bonasi 20,000 mara 10 ni 200,000 unayotakiwa kuibeti. Mechi moja inakurudishia kwa wastani 95 kwa kila 100. Mkeka wa mechi tatu ni 0.95 mara 0.95 mara 0.95, yaani karibu 86. Kila 100 unayozungusha inaacha 14 kwa kampuni. Kwenye 200,000 ni kama 28,500. Yaani ukifika mwisho umelipa wastani wa 28,500 kwa ajili ya bonasi ya 20,000, na wengi hawafiki, kwa sababu mikeka ya tatu tatu inachanika mfululizo na salio linaisha katikati. Angalia pia masharti yanasema ipi inatangulia kutumika. Mahali pengi ni hela yako kwanza, bonasi baadaye. Kama ni hivyo, 38,000 yako ndiyo itakayofanya kazi ya kuzungusha.

Ndugu wa Bahi, tatizo lako linaelekea kuwa hilohilo. Salio unaloliona pale juu limejumlisha na bonasi ambayo haijamaliza mizunguko. Tafuta mstari wa salio la kutoa peke yake.

Mwalimu wa Kongwa

Karani, nikuulize. Kama mtu angetumia ile ya ushindi kwa raha yake, akala kuku na wanawe ikaisha, nalo ungeliita kosa? Mapazia yangu ningeyapata dirishani nisingelalamika. Naona kama mifuko hii kichwani mingine inatusaidia. Mimi ada siigusi kwa sababu ni ada, wala sina zaidi ya jina hilo la kuilinda.

Karani Mstaafu wa Mikeka

Mwalimu, hapo sikupingi. Kava mwenyewe mfuko wa duka ulimlinda mwaka mzima na zaidi. Shida ya mfuko wa bonasi ni kwamba haukuandikwa na yeye. Umeandikwa na kampuni, kwenye skrini, kwa rangi yake na jina lake.

Mtoto wa Nkuhungu

Bado naona asilimia 5 inategemea mechi. Ligi kubwa Ulaya makato ni madogo kuliko hapo.

Karani Mstaafu wa Mikeka

Kweli, ligi kubwa yanashuka. Kwa 3 kwa 100, mechi tatu zinakuachia kama 91, na 200,000 inakula kama 17,500. Inabaki 2,500 ya faida, kama odi zote utazichagua hivyo na usichoke njiani. Mwenye duka na aamue kama 2,500 hiyo inatosha kuhatarisha 38,000.

Kava na Chaja

Nimesoma masharti tena kwa utulivu. Ni kweli, hela yangu inatumika kwanza. Nimeitoa 38,000, ujumbe umeingia saa 3:12 usiku huu, na bonasi imefutika palepale. Nimeona uchungu wa ile 20,000 kuliko nilivyouona wa 164,000, na sijaelewa kwa nini. Asubuhi naipeleka kwa jamaa wa chaja, nitakuwa nimepungukiwa 22,000, nitamwomba anipe pungufu mpaka Jumamosi.

Karani, swali moja limebaki. Nikishinda tena, hata kwa 2,000 yangu mwenyewe, ile hali ya kuona ushindi kama wa kwao haitarudi?

Karani Mstaafu wa Mikeka

Itarudi. Ushindi wowote wa karibuni unaleta hali hiyo, hata usipotokana na bonasi. Niliowaona wakiikwepa walikuwa wanatoa hela siku hiyohiyo na kuinunulia kitu chenye jina. Mmoja alikuwa ananunua bati, moja moja. Kama ingekufaa wewe, sijui. Andika madau yako kwenye daftari hilohilo la mauzo, ukurasa mmoja na chaja.