Andalio langu la somo la muhogo limekatwa kwa kalamu nyekundu: "Hii si kemia, peleka siku ya utamaduni"

Mwalimu wa Kusini

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nafundisha kemia na baiolojia katika shule moja ya sekondari huku kusini, na vijiji vyote vinavyotuzunguka vinakula ugali wa muhogo. Wiki mbili zilizopita niliandaa vipindi viwili vya Kidato cha Tatu kuhusu muhogo mchungu. Wanafunzi walikwenda kuwauliza bibi zao wanavyoutengeneza, wakaja na makopa ya kila namna kutoka nyumbani. Akaja mtu wa kukagua maandalio, akasoma ukurasa mmoja, akapiga mstari mwekundu toka juu hadi chini na kuandika maneno niliyoyaweka kwenye kichwa cha habari. Mwezi uliotangulia shule hiyo hiyo ilimwita bibi wa mwanafunzi wangu mmoja, akafungwa kaniki, akatwanga muhogo mbele ya wageni na kupigiwa makofi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anauvundika siku nne na si siku moja. Mama mtu mzima amebeba kemia kichwani, sisi tunamfanya ngoma ya wageni!

Sasa niwaeleze kilichokuwa kwenye andalio lile.

Muhogo mchungu tunaulima kwa sababu nguruwe pori na nyani hawausumbui sana. Ndani yake kuna kitu kinaitwa linamarini. Chenyewe kimetulia, kimehifadhiwa ndani ya seli. Kimeng'enya cha kukivunja kipo pembeni, kwenye kuta za seli, na viwili hivyo havikutani mpaka seli ipasuke. Vikikutana, mwisho wake inatoka sumu iitwayo haidrojeni sianidi, ambayo inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani kwa joto letu la huku inaruka yenyewe hewani. Kwa hiyo kazi ya mpishi ni kupasua seli kabla muhogo haujakauka.

Bibi anamenya, anaanika kidogo, kisha anarundika na kufunika kwa majani. Siku ya tatu au ya nne ukungu umeota na muhogo umelainika. Anavunja kipande, akiona moyo wake bado mgumu kama mbichi anakirudisha chini ya majani. Ukilainika anakwangua ukungu, anaanika mpaka ukauke, ndipo anatwanga. Huo ukungu ndio unaopasua seli. Aliyemenya na kuanika juani moja kwa moja amekausha seli zikiwa nzima, sumu imebaki humo humo, na unga wake ni mweupe kuliko wa bibi. Sokoni watu wanachagua ule mweupe!

Wanafunzi wangu walipiga hesabu hii. Chukua muhogo wenye miligramu 200 za sianidi kwa kilo ukiwa mbichi. Kilo tatu zinatoa unga wa kilo moja hivi, kwa hiyo tulianza na miligramu 600. Kuanika peke yake kunaacha robo mpaka theluthi. Tukichukua robo, ni miligramu 150 kwenye kilo ya unga. Kuvundika kunaacha karibu nusu ya hiyo, yaani 75. Kiwango kilichowekwa na WHO na FAO kwa unga wa muhogo ni 10.

Darasa lilinyamaza. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe hata bibi hajafika." Hapo ndipo somo lilipoanza! Bibi ana njia bora kuliko jirani anayeanika tu, na bado haitoshi mwaka wa ukame, maana ukame unazidisha sumu kwenye muhogo wenyewe. Sijawahi kuwaambia watoto kwamba wahenga walijua yote. Nimewapa kitu cha kwao wakipime. Mtu mmoja amekifuta kwa dakika tatu.

Nataka kusikia kutoka kwenu, hasa mnaofundisha.

Mjukuu wa Mganga

Mwalimu umenena. Shida yetu tumefundishwa kudharau cha kwetu. Mimi ningeweka kila kitu kwenye silabasi: mitishamba, utabiri wa mvua kwa ndege na miti, uhunzi wa Wahaya, vyote. Mfano mzuri ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa Magamba Sekondari aligundua maziwa ya moto yanaganda mapema kuliko ya baridi, walimu wakamcheka. Yale yalikuwa maarifa asilia na leo dunia nzima inalitaja jina lake.

Fizikia Tu

Mkuu hapo juu, Mpemba hakurithi kitu kwa mababu. Alikuwa mwanafunzi anatengeneza aiskrimu, akaona jambo, akauliza. Alipofika Mkwawa akamuuliza Dkt. Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakapima, wakachapisha mwaka 1969. Hata sasa wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe linatokea kila mara. Huo ni ushahidi wa upande wangu: kilichomwokoa ni kupima.

Mwalimu, nakuheshimu, lakini napinga. Ukifungua mlango kwa muhogo, nani ataufunga? Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Watu waliacha dawa za ukimwi na kisukari. Mlangoni pale wangeandika "maarifa asilia" na hakuna ambaye angethubutu kuhoji. New Zealand wana mzozo huu huu. Mwaka 2021 maprofesa saba wa Auckland waliandika barua gazetini kupinga maarifa ya Wamaori kuwekwa sawa na sayansi, na wakati huo rasimu ya somo la kemia ilikuwa imeingiziwa neno mauri, nguvu ya uhai ya kila kitu. Hebu niambie, mtoto atapimaje nguvu ya uhai?

Mwalimu wa Kusini

Fizikia Tu, kwenye mauri nakubaliana nawe. Kitu kisichopimika kisikae kwenye kemia, kiwe cha Wamaori au cha Wamakonde. Kifundishwe kwenye historia au uraia, na kwa heshima. Lakini wewe unanipa Loliondo nijibu, wakati mimi nimeleta muhogo wenye namba! Kikombe kile kilikuwa cha mtu mmoja aliyesema ameoteshwa. Kuvundika muhogo ni kazi ambayo wanawake wengi wameirudia misimu na misimu, na kosa lake linaonekana mezani. Ukiviweka kwenye kapu moja unafanya kama aliyenifutia andalio.

Mama Tunu

Samahanini, mimi si mwalimu. Nimesoma nikalia. Kwetu ni Tarime. Mwaka 1985 kulikuwa na ukame, hakuna chakula ila muhogo. Mama yangu mdogo alikuwa na miaka kumi na moja. Aliamka asubuhi miguu imekakamaa, akisimama anatembelea vidole. Hakuwa na homa. Hakupona, mpaka leo anatembea kwa fimbo, na watu walisema karogwa. Tumekuja kuambiwa baadaye ni konzo, ugonjwa wa miguu unaoletwa na sumu ya muhogo.

Ninachotaka kusema, mwalimu, bibi yangu alijua kuvundika. Alijua vizuri sana. Ila watoto wanalia njaa, utawaambia wasubiri siku nne? Walitwanga na kuanika, wakatwanga tena na kuanika, jioni wakapika. Msimwambie mtu kwamba hakujua.

Mwalimu wa Kusini

Dada, pole sana, na mfikishie mama mdogo salamu zangu. Ulichosema hakikuwa kwenye andalio langu na kilipaswa kuwemo.

Kibarua wa Maabara

Nimewahi kupima sampuli za unga wa muhogo, nichangie kidogo.

Hesabu ya mwalimu iko sawa kama makadirio, ila muhogo unatofautiana sana, hata mizizi ya shina moja. Asiwaambie wanafunzi 75 kana kwamba ni namba ya kila rundo. Na alichosema Mama Tunu ndicho kilichoonekana Tarime na baadaye Mtwara: njaa inafupisha matengenezo, na kwa wakati huo huo watu hawana maharage wala samaki. Mwili unahitaji salfa kutoka kwenye protini ili kuivunja sianidi. Mwenye kula muhogo ule ule na dagaa anaweza kusalimika.

Kuna njia inayoshika pale ambapo bibi ameishia. Unga ukishatwangwa, weka kwenye beseni, weka alama usawa wake. Tia maji huku ukikoroga, unga utashuka kwanza kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka unene usiozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha pika siku hiyo hiyo. Kimeng'enya kilichobaki kinaamka na maji, gesi inatoka. Sumu inapungua mara tatu mpaka sita. Kutoka 75 unaweza kufika kati ya 12 na 25. Kongo wameitumia vijijini dhidi ya konzo. Ona kwamba imejengwa juu ya kazi ya bibi, haikuja kuifuta.

Ila nina onyo. Ukungu si wote rafiki. Wengine wanatoa sumukuvu, na mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Bibi anatofautisha ukungu kwa rangi na harufu, lakini sumukuvu haionekani kwa jicho. Hapo sina jibu la kumpa mwalimu wa kijijini asiye na kipimo. Na kama unatumia karatasi za pikrati, zile za njano zinazogeuka kahawia zikikutana na sianidi, nunua zilizotengenezwa tayari. Asidi ya pikriki ikikauka inalipuka. Usiiweke kwenye kabati la shule.

Shamba Darasa

Asanteni kwa elimu. Mimi nina ekari mbili Mkuranga, nauliza mbegu ya Kiroba napata wapi kwa bei nzuri? Na huo mchungu unazaa zaidi?

Mwalimu wa Kusini

Ndugu, Kiroba waulize watu wa utafiti wa kilimo au afisa ugani wako, hapa tunazungumzia shule.

Kibarua, nashukuru. Karatasi zangu nilipewa na rafiki wa chuo zikiwa tayari. Tuliziacha usiku kucha kwenye vichupa vilivyofungwa. Makopa yaliyoanikwa tu yaligeuza karatasi kahawia ya kuelekea nyekundu, ya kuvundika yakatoa kahawia hafifu. Mwanafunzi aliyeleta yale ya kwanza alikwenda nyumbani kumwambia mama yake. Mama akaja shuleni kuuliza, si kugomba. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na sijawahi kuona mzazi anakuja kuulizia kemia.

Fizikia Tu

Nimesoma yote. Kwa muhogo nimelegea, siwezi kukataa. Lakini jibu hili moja, mwalimu, maana umelikwepa. Mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza na hauulizi kuvundika. Umetumia vipindi viwili. Mada ya asidi na besi ulimaliza?

Mwalimu wa Kusini

Sikumaliza. Nilibakiza kipindi kimoja, nimewafundisha Jumamosi. Na Jumatatu narudisha andalio lile lile mezani, safari hii na karatasi zile za kahawia nimezibandika pembeni. Akilifuta tena, aandike sababu ya kikemia na aweke sahihi yake.