Wakuu, nisaidieni mishale ya nefroni, kipindi ni kesho asubuhi

Korosho Ghafi (Masasi): Habari za majukumu wakuu. Kesho nina kipindi cha kidato cha sita, nieleze uchujaji, ufyonzaji upya na sekresheni kwa mchoro wa nefroni. Mchoro unaonyesha ukolezi sehemu mbili: kwenye kapsuli ya Bowman na mwisho wa mrija wa kwanza uliojisokota. Glukosi ni 5, halafu 0. Hiyo imefyonzwa yote, sina tatizo nayo. Sodiamu ni 140, halafu 140. Urea ni 5, halafu 7.5. Dawa moja iliyoitwa D ni 2, halafu 12. Kwa hiyo sodiamu haijaguswa, na urea na D zimetemewa mrijani kutoka kwenye damu. Naieleza vipi ieleweke?

Bi Mkubwa wa Kilwa: Mwanangu, figo si mchezo. Marehemu shemeji yangu alianza kuvimba miguu hivihivi tukadhani ni chumvi ya samaki. Waambie watoto wanywe maji.

Nahodha Mikindani: Sekresheni iko mrija wa mwisho, baada ya kitanzi cha Henle. Sisi tulisoma hivyo. Huko mwanzo hakitemwi kitu, ni kufyonza tu. Futa mishale yote ya kutema.

Mchunguza Mkojo: Nahodha, mwisho ndiko potasiamu inakotemwa, hapo uko sawa. Lakini mrija wa kwanza nao unatema, tena kwa nguvu, na penisilini hutokea hapohapo. Ndiyo maana zamani, ilipokuwa adimu, waliikusanya kutoka kwenye mkojo wa wagonjwa na kuitumia tena. Mwalimu, hizo namba peke yake hazisemi kitu. Mchoro wako hauna mtiririko? Mililita kwa dakika?

Korosho Ghafi: Upo. Nimeuacha makusudi, namba nyingi zinawatisha watoto.

Mchunguza Mkojo: Ni ngapi?

Korosho Ghafi: 125 kwenye kapsuli, 42 mwisho wa huo mrija. Lakini manila nimeshaichora kwa maka peni, mishale nyekundu. Na hata hivyo 140 ni 140.

Mchunguza Mkojo: Basi umeacha mstari wenye jibu. Theluthi mbili ya maji imerudi kwenye damu. Kitu ambacho mrija haukukigusa kabisa kingebaki kwenye maji machache na ukolezi wake ungepanda mara tatu hivi. Sodiamu haikupanda, maana yake imeondoka sambamba na maji. Zidisha uone: 125 kwa 140 ni 17,500. Huko mwisho 42 kwa 140 ni 5,880. Zaidi ya elfu kumi na moja zimerudi kwenye damu, wewe unasema haijaguswa!

Urea: 125 kwa 5 ni 625, halafu 42 kwa 7.5 ni 315. Ukolezi umepanda lakini nusu yake imefyonzwa. D ndiyo pekee: 250 iliyochujwa, 504 iliyopita. Ile ya ziada haikupitia glomerulasi, imetoka kwenye kapilari zinazouzunguka mrija. Mshale wa kutema ni wake tu.

Nahodha Mikindani: Ila urea huwa inaingia mrijani. Nalikumbuka hilo vizuri.

Mchunguza Mkojo: Inaingia, kwenye kitanzi cha Henle. Mchoro wake umeishia kabla ya hapo.

Mtu wa Newala: Jamani mnalishwa. Mwalimu gani wa kidato cha sita hajui kuzidisha ukolezi kwa mtiririko? Huyu ni mwanafunzi, na hilo ni swali la moko la kesho. Mwalimu, weka picha ya hiyo manila tuione.

Korosho Ghafi: Kaka, mimi ni wa kujitolea na nimesomea kemia. Wa baiolojia amehama. Kamera ya simu imekufa.

Mtu wa Newala: Kamera imekufa 😂 Na maka peni nayo itakauka usiku huu.

Bi Mkubwa wa Kilwa: Kama ni mtihani, mwanangu, wizi ni wizi.

Mchunguza Mkojo: Awe mwalimu au mwanafunzi, hesabu haibadiliki. Bandika karatasi juu ya ule mshale wa urea, ugeuze uelekee kwenye damu. Sodiamu uiongezee wake. Mtiririko uandike hata kwa penseli, la sivyo yule atakayeuliza "umejuaje?" hutamjibu.

Korosho Ghafi: Sodiamu nitaongeza. Urea nitaiacha kwanza, nitawaambia inaingia mbele ya safari kama alivyosema Nahodha.

Mchunguza Mkojo: Mbele ya safari haipo kwenye mchoro wako, mwalimu.

Fundi Baiskeli Lindi: Samahani nachomekea. Mimi usiku naamka kukojoa kila mara na kiu haiishi. Ndiyo hiyo sekresheni?

Mchunguza Mkojo: Hapana. Pima sukari kesho, usingoje. Ile 0 ya glukosi huwepo pale tu sukari ya damu iko chini. Ikipita kama 10 hivi, mrija huanza kushindwa kuifyonza yote, inayobaki inazuia maji yasirudi, yanaishia kwenye mkojo.

Fundi Baiskeli Lindi: Zahanati inafungua saa ngapi?