Taroti: inasema kweli, au inasema lisiloweza kukosea?

Mgeni wa Ngazi: Msomaji wa taroti, zile karata za picha zinazotumiwa kubashiri, alinieleza mambo yangu kana kwamba tulikua nyumba moja. Watu husema ni maneno yanayomfaa yeyote; kama ni hivyo, mbona yalinigusa mimi? Na msomaji mwaminifu hujibu nini akiulizwa hivyo?

Kalamu Kavu: Yalikugusa kwa sababu wewe ndiye uliyeyamalizia. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yaliyodaiwa kuwa yake peke yake. Walipotakiwa kuyapima kwa alama kuanzia 0 hadi 5, wastani ulipita 4. Kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Sentensi mojawapo ilisema kuwa kuna wakati mtu huyu ni mchangamfu na kuna wakati hujitenga na watu. Nani asiyekuwa hivyo?

Bi Mkubwa: Mwanangu, mimi sikuwa darasani Marekani. Ilitoka karata ya Fimbo Kumi, yenye mtu aliyeinama na kukumbatia mzigo wa fimbo, na msomaji akaniambia: "Unabeba mzigo usio wako peke yako." Wakati huo nilikuwa nawalipia ada watoto wa marehemu kaka yangu, wala sikuwa nimemweleza mtu. Nililia pale pale. Huyo alikisia nini?

Mzee wa Bara: Mnapoteza muda wenu. Taroti ni kitabu cha makuhani wa Misri ya kale kilichogeuzwa biashara, na wasomaji wake hawana tofauti na wapiga ramli: matapeli watupu, wanaosoma uso wa mteja na si karata.

Shangazi wa Karata: Kaka, kwa heshima zote, neno "matapeli" sitalimeza. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 ikiwa mchezo wa kawaida wa karata, na habari za Misri zilienezwa na Mfaransa Court de Gébelin mwaka 1781. Kuhusu uso wa mteja umesema kweli, na ndiyo maana najihadhari nao. Ikitoka Fimbo Kumi, naeleza kilichochorwa, kisha namuuliza mteja mzigo huo kwake ni upi. Sitoi kauli nikamtazama iwapo atatikisa kichwa, halafu nikajifanya nilijua tangu mwanzo. Akishangaa nimejuaje, namjibu kwamba sikujua, yeye ndiye aliyeniambia. Mimba, maradhi na kesi za mahakamani sizisomi kabisa, na swali lile lile silichanganyii karata upya mpaka itoke ile anayoitaka.

Mwana wa Ramli: Mzee wa Bara, ramli ina maumbo 16 na kanuni ambazo watu wamezisomea miaka mingi. Usiifanye tusi la kuwatupia wengine.

Mzee wa Bara: Sikuitukana. Nimesema tu kwamba fedha hutoka mfukoni mwa mwenye shida, na hilo hakuna aliyelijibu.

Bi Mkubwa: Kwa hiyo machozi yangu yalikuwa ya bure?

Kalamu Kavu: Hasha, mama. Mzigo wako ni wa kweli. Kisichothibitika ni kwamba karata iliujua. Tuseme ingetoka Vikombe Nane, ambapo mtu anaviacha vikombe vyake na kuelekea milimani, na msomaji akasema kuna jambo limekuchosha ingawa hujathubutu kuliacha. Je, ada zile zisingeingia humo pia? Ray Hyman, aliyekuwa akisoma viganja kabla ya kuwa mwanasaikolojia, alijaribu kuwaambia wateja kinyume cha mistari ya mikono yao, nao wakaridhika vile vile. Anayetaka kupima taroti awasomee watu watano asiowaona, aandike, afute majina, kisha kila mmoja atafute maelezo yake kati ya yote matano. Kwa bahati tupu, mtu ana nafasi moja kati ya tano.

Bi Mkubwa: Vikombe Nane ningesema ni ndoa yangu, lakini tuyaache hayo.

Mgeni wa Ngazi: Shangazi, ikiwa picha yoyote ingefaa, kwa nini uchanganye karata? Si uniachie nichague mwenyewe?

Shangazi wa Karata: Ukichagua mwenyewe utachukua ile inayokubaliana na uamuzi uliokwisha kuufanya. Iliyotoka kwa bahati hukulazimisha kulitazama jambo ulilokuwa unalikwepa.

Kalamu Kavu: Hilo nalo ni dai, na linahitaji kupimwa kama mengine. Walau mweleze mteja kabla hajalipa kwamba ni bahati tupu inayotoa karata.

Shangazi wa Karata: Namweleza. Wengine huinuka wakaenda kwa yule anayewaambia kwamba karata zinawajua.